Nusu ya Nyuma ya Daftari

Wifi yangu alikuwa anaandika madeni kwa nyuma. Yaani analishika daftari la duka, analigeuza juu chini, anaanzia ukurasa wa mwisho kama vile ndio wa kwanza. Mbele palikuwa pangu: mauzo, manunuzi, matumizi. Nyuma palikuwa pake. Mtu akichukua sabuni na kusema atalipa mwisho wa mwezi, wifi anageuza daftari, analamba ncha ya kalamu bila sababu yoyote maana ilikuwa ya wino, kisha anaandika. Kila mwaka mbele kwangu na nyuma kwake vilikuwa vinasogeleana, na pale vinapokutana ndipo tunaponunua daftari jipya.

Mpaka leo nikinunua daftari naligeuza kwanza. Binti yangu amenitilia hesabu zote kwenye simu, na simu nayo nimeigeuza juu chini, akacheka mpaka akakaa chini.

Duka tulilianza mwaka uliofuata baada ya kaka yake kufariki. Kaka yake ndiye aliyekuwa mume wangu. Watu walitegemea mawifi tugombane, kwa sababu ndivyo watu wanavyotegemea, na mimi mdomo wangu haujui breki. Lakini yule mwanamke alikuja nyumbani na pesa zake zimefungwa kwenye kanga, akaziweka mezani, akasema, "Wifi, mimi sijui kulia kwa muda mrefu. Tufanye biashara." Mimi niliuza kitanda kikubwa na kabati la vyombo, nikaweka kiasi sawa na chake. Tukapanga chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara. Fundi akatupigilia rafu tatu, tukaweka meza yenye droo ya pesa, na mizani tuliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga duka lake. Nililiona hilo kama mkosi, wifi akaliona kama bei nafuu.

Mwezi wa kwanza droo ilijaa. Sikuwahi kuona noti nyingi namna ile zikiwa zangu. Nikaenda nikanunua viatu vyekundu vya kisigino, nikarudi navyo vikiwa miguuni. Wifi alikuwa anapima sukari. Akaniangalia miguu, akamaliza kupima, akamfungia mteja, mteja akaondoka.

"Viatu vizuri," akasema. "Umevinunua kwa pesa gani?"

"Kwa faida, wifi. Si unaiona droo?"

"Ile droo ni mauzo. Kwenye mauzo toa kwanza bei tuliyonunulia hivyo vitu. Toa kodi ya chumba. Toa nauli ya kuleta mzigo, toa mifuko ya kufungia. Kinachobaki ndiyo faida. Umeshatoa?"

Sikuwa nimetoa. Tukakaa tukatoa, na faida iliyobaki ingetosha kununua kiatu kimoja, tena cha mguu wa mtoto.

"Basi wifi," akasema, "huo mwingine ni mtaji umeuvaa miguuni. Tembea nao polepole."

Nilinuna kutwa nzima. Jioni nikacheka peke yangu jikoni mpaka watoto wakauliza kulikoni. Vile viatu niliandikiwa kwenye ukurasa wangu. Tulikuwa na ukurasa wa kila mmoja wetu, na chochote tulichochukua dukani kwenda nyumbani, hata kiberiti, kiliandikwa hapo kwa bei ya kununulia, kisha mwisho wa mwaka kikakatwa kwenye fungu la mwenyewe. Jirani mmoja alituona tunaandika kiberiti chetu wenyewe akadhani tumerukwa na akili. Wifi akamwambia mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuhesabu stoki. Mara moja kwa mwaka tulikuwa hatufungui. Mlango wa mbele tunaurudisha nusu ili mwanga uingie na wateja wasiingie, wateja wanaingia hivyo hivyo, tunawafukuza kwa vicheko. Kila kitu kinashuka kutoka kwenye rafu. Wifi anahesabu kwa sauti, mimi naandika. Sabuni za kipande, sabuni za unga, mafuta ya chupa, mafuta ya kupima, mishumaa, madaftari ya shule, nyembe, chumvi. Sakafu inajaa, tunatembea kwa kuruka. Harufu ya chumba kile siku ile, sabuni na mafuta ya taa na magunia, siku hizi siipati popote. Vitu vinakuja vimefungwa kwenye plastiki na havinuki chochote.

Hapo ndipo tulipokuwa tunaikuta hasara iliyojificha. Gunia la sukari tumelinunua likiwa na uzito kamili, tumeuza kilo moja moja na robo robo, na mwisho zinapungua kilo mbili hatuzijui zilikokwenda. "Zimekwenda kwenye huruma ya mkono wako," wifi ananiambia, kwa sababu nilikuwa nazidisha kidogo kila mara, mizani inalala upande wa mteja. Panya naye ana fungu lake. Chupa iliyovunjika tunaiandika. Wifi hakuwa anaiogopa hasara. Alikuwa anaogopa hasara isiyoandikwa.

Kitu kimoja tu ndicho tulichogombania kweli, nacho ni madeni. Mimi nilikuwa nataka kibao cha "Leo taslimu, kesho mkopo", kama maduka yote. Wifi alikataa kibao. Alimkopesha fundi cherehani, alimkopesha mama muuza mkaa, akamkopesha hadi mlinzi wa ghala ambaye kila mtu alijua mshahara wake unaishia njiani. Nikamwambia kukopa harusi, kulipa matanga. Nikamwambia mtu akishakuwa na deni anapita upande wa pili wa barabara ili asikuone.

"Anapita," wifi akasema. "Lakini anajua tupo. Asiyedaiwa anaweza kukusahau kabisa, wifi. Mwenye deni hakusahau."

"Kukumbukwa hakununui gunia la unga."

"Hapo umesema kweli," akajibu, akageuza daftari akamwandika mwingine.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha binti yake, mtoto wake pekee, ambaye alikuwa ameolewa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, akajifungua mapacha, na kujifungua kwenyewe kukawa kwa taabu. Hakuweza kusimama vizuri. Wifi alipokea habari akiwa anakunja mifuko ya karatasi. Aliendelea kukunja mpaka ikaisha. "Wifi," akasema, "itabidi tugawane."

Nasema ukweli, niliogopa. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na karo yao yote ilikuwa inatoka kwenye chumba kile. Nilishalijua duka letu kama ninavyoijua mikono yangu. Nusu ya rafu zikiondoka, mteja anaingia kuuliza sabuni hakuna, kesho anauliza chumvi hakuna, kesho kutwa haingii. Na mwenye duka la jumla, aliyekuwa anatupa mzigo nusu kwa mkopo, alikuwa na tabia ya kuja kukagua rafu zetu kwa macho kabla hajatoa mzigo. Akiziona tupu, angetaka chake siku hiyo hiyo. Duka lisingemaliza mwaka. Wifi alilijua hilo. Hakulisema, na mimi kwa kiburi changu sikulisema. Ilikuwa haki yake kuondoka na nusu yake. Pesa zake zilitoka kwenye kanga mbele ya macho yangu.

Tukafunga duka siku ya mapumziko, tukahesabu stoki mara ya mwisho pamoja. Safari hii hatukucheka sana. Yeye akahesabu, mimi nikaandika, na nilipomaliza kujumlisha nikamsomea. Akakunja uso.

"Umeandika bei gani hapo kwenye sabuni?"

"Tunayouzia."

"Kwani tumeshaiuza?"

"Bado, ila tutaiuza."

"Utaiuza wewe, mimi nitakuwa nimeshaondoka. Faida ya sabuni ambayo iko kwenye rafu haijazaliwa, wifi, usiigawe. Weka bei ya kununulia."

Nikamtazama. Kwa bei ya kuuzia fungu lake lingekuwa kubwa zaidi, na mtoto mdogo angeliona hilo. Nikaanza kumwambia, akanikata. "Andika."

Nikaandika upya. Mali yote kwa bei ya kununulia ikawa laki nane. Pesa taslimu, za droo na za benki, laki mbili. Madeni ya wateja, yaliyopo kule nyuma, laki mbili. Hivyo ndivyo vyetu. Upande wa pili tulikuwa tunadaiwa na mwenye duka la jumla laki mbili. Ukijumlisha vyetu na kutoa deni, inabaki milioni moja. Kila mtu laki tano.

"Isipokuwa hayo madeni ya wateja siyo mali," nikasema. "Nusu yake yana zaidi ya mwaka. Mlinzi wa ghala ameshahama. Hayo ni hasara, wifi, tuyafute leo, tugawane kilichopo. Inakuwa laki nne kila mtu. Wewe unachukua taslimu laki mbili na mzigo wa laki mbili."

Nilipoutaja mzigo wa laki mbili sauti yangu ilinisaliti. Nilikuwa nimeshaziangalia rafu na kuona mapengo.

Wifi akalivuta daftari. Akaligeuza juu chini. Akasoma majina moja moja kimyakimya, midomo inacheza.

"Sifuti," akasema. "Nitayachukua mimi."

"Utayachukua nini?"

"Haya madeni. Yawe kwenye fungu langu, kwa thamani yake yote, laki mbili. Na taslimu laki mbili, nina safari na mgonjwa. Mzigo nichukulie wa laki moja, sabuni na madaftari na vitu visivyooza, nitauza kule kule. Jumla laki tano. Wewe baki na mzigo wa laki saba, na deni la duka la jumla liwe lako. Laki tano na wewe. Tumemalizana?"

Nikapiga hesabu mara mbili nikitafuta kosa. Halikuwepo. Rafu zangu zingebaki karibu zote.

"Wifi, unachukua karatasi!" nikasema kwa ukali, maana mimi nikiogopa huwa mkali. "Watu hawa hawajalipa ukiwa hapa unawaona kila siku. Watakulipa ukiwa safari ya kutwa nzima?"

"Deni ni langu sasa, linakuuma nini?"

"Linaniuma kwamba unajipunja!"

"Wewe ulivaa mtaji, mimi acha nibebe karatasi." Akachukua kisu cha kukatia sabuni, akalilaza daftari mezani, akalikata katikati ya uti wake, taratibu, kama anayekata mkate. Nusu ya mbele akanisukumia. Nusu ya nyuma akaikunja akaitia kwenye mkoba.

Nilimsindikiza kituoni na viroba vyake vya sabuni. Basi lilipoondoka nikarudi dukani nikakaa nyuma ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu nijitose kwenye biashara ile, droo ilikuwa karibu kwangu upande wa kulia, mahali alipokuwa anakaa yeye. Nikalia vizuri, hakukuwa na mtu.

Ilipita kama nusu mwaka. Siku moja ya mwisho wa mwezi duka limejaa watu, fundi cherehani akanyoosha noti juu ya vichwa vya wenzake, akasema jambo, nikazipokea nikazitupa kwenye droo kwa mazoea, akaongeza sabuni mbili akalipa akaondoka. Jioni nafunga hesabu. Mauzo niliyoandika ni elfu thelathini na nane. Nikitoa chenji niliyoanzia asubuhi, droo inasema hamsini na tatu. Ukikuta droo imepungua unajua umeibiwa au umekosea chenji. Ikizidi, huo ndio ugonjwa wenyewe, maana mtu wa nje ameweka pesa zake kwako na humjui. Nikarudia. Elfu kumi na tano zimezidi. Ndipo nikaikumbuka ile mikono ya fundi juu ya vichwa.

Asubuhi nikaenda kwenye kibanda chake kabla ya kufungua duka.

"Ulinipa pesa za nini jana?"

"Si deni langu?" akasema, sindano mdomoni. "Nilikwambia ni za deni, ila makelele yalikuwa mengi."

"Deni lako silo langu. Lilikwenda na wifi."

Akaitoa sindano mdomoni. "Wifi yako alipita hapa siku moja kabla hajasafiri. Alipita kwa wote, nyumba kwa nyumba, na ile nusu daftari. Akasema, mkipata, pelekeni dukani kwa wifi yangu. Msinifuate mimi kule, nauli itawamalizia pesa."

Nilisimama pale mpaka fundi akanipa kigoda.

Wakaendelea kuja. Si wote, nisidanganye watu. Mlinzi wa ghala hakuonekana tena, na wengine mpaka leo wanapita upande wa pili wa barabara. Lakini walikuja. Mama muuza mkaa alilipa kidogo kidogo, kwa sarafu zenye weusi wa mkaa. Na kila anayekuja kulipa, akishalipa, anaangalia rafu, anakumbuka hana chumvi.

Pesa zile zilinipa kazi kwenye daftari. Kwenye mauzo siwezi kuziandika, sabuni ile iliuzwa zamani na ikahesabiwa zamani; nikiiandika tena nitakuwa nimeiuza mara mbili. Faida siyo. Zimeingia kwenye droo yangu lakini ni fungu la mtu, aliyelichukua kwa hesabu mbele yangu. Pesa ya mtu ikiwa mikononi mwako ina jina moja tu. Nikaligeuza daftari juu chini, nikaanza ukurasa wa mwisho. Juu nikaandika: Ninadaiwa. Chini yake: Wifi. Na kila aliyelipa nikamwandika hapo.

Zilipofika laki moja na elfu ishirini, na nikaona waliobaki hawaji, nikapanda basi.

Wifi alikuwa amekonda. Mjukuu mmoja mgongoni, mwingine anamvuta kanga. Dirishani kwake alikuwa ameshapanga sabuni, nyembe na mishumaa, na watoto wa jirani wanamwita Bibi Duka. Tulikula, tukazungumza, tukacheka vya zamani mpaka binti yake, ambaye sasa alikuwa anatembea, akatuambia tunawaamsha watoto. Ndipo nikamwekea bahasha mezani, na karatasi ya majina.

"Hizi za nini?"

"Unajua za nini. Uliwadanganya watu wako walete kwangu."

"Sikuwadanganya. Mtu akiambiwa akalipe mbali, halipi. Akiingia dukani kulipa, anatoka na sabuni. Wamenunua, hawakununua?"

"Wamenunua."

"Basi. Kumbe nilikufundisha nini miaka yote?"

"Kwa nini hukuniambia, wifi?"

"Ningekwambia ungekubali? Kichwa chako kama jiwe la kusagia. Ungenipa mzigo wa laki mbili kwa kiburi, ukabaki na rafu za kutundikia buibui, na watoto wa kaka yangu nyumbani hawasomi." Alisema hivyo huku anamfuta mtoto kamasi, kama anayezungumzia hali ya hewa. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Dawa ya deni kulipa," nikasema. "Chukua chako."

Nilijua angekataa, nilikuwa nimejiandaa kupigana. Hakukataa. Alizihesabu zote, na kila alipotaka kulamba kidole akanilamba changu kwa utani badala ya chake, tukacheka kama wehu. Kisha akachomoa noti moja ya elfu moja, akaisukuma kwangu.

"Hii bado nakudai."

"Chukua zote tumalizane!"

"Nani kasema nataka tumalizane?" akasema. "Asiyedaiwa anaweza kunisahau."

Nikawa naenda kila mwaka baada ya kuhesabu stoki. Kila mwaka ninampa ile elfu, kila mwaka ananirudishia. Mwaka mwingine niliificha chini ya mto wake, nikaikuta kwenye mkoba wangu nimeshafika nyumbani. Watoto wangu walimaliza shule, mmoja baada ya mwingine, kwa rafu zile zile.

Wifi alitutoka msimu wa mvua uliopita. Baada ya mazishi nilimwita binti yake kando nikampa noti, maana mdai akifa deni halifi, linakwenda kwa warithi wake, na mimi nataka vitabu vyangu viwe safi. Akaitazama ile noti. Ana macho ya mama yake, na ya kaka ya mama yake.

"Anti," akasema, "mama aliniachia maneno. Alisema utaniletea elfu moja, na nikiipokea nitakuwa nimekupoteza na wewe."

Akaikunja, akanirudishia kwenye mkoba, akaufunga zipu yeye mwenyewe.

Wiki hii tumehesabu stoki, binti yangu anataja, mimi naandika. Mwisho akaniuliza kwa nini kuna deni la elfu moja lisilolipwa miaka yote hii, kwenye simu linamharibia ukurasa, akaomba alifute. Nikamwambia aguse kingine chochote, hilo asiliguse. Nikalivuta daftari langu la karatasi, nikaligeuza juu chini, nikaandika: Wifi, elfu moja, baki. Kisha nikamwachia funguo za duka nikaenda kituoni kukata tiketi.